Praktikali ya Taitresheni, Fomu Foo: soda ya kufulia ina maji kiasi gani?

Muda saa moja na nusu, jumla maksi 25. Soma yote kwanza ndo ushike bureti, na kama hujavaa koti la maabara usiingie.

Umepewa:
A ni asidi ya haidrokloriki 0.1 M.
B ni fuwele za soda ya kufulia, Na2CO3.xH2O, gramu 14.3 ndani ya lita moja ya mmumunyo.
Indiketa ni methili oranji. Pipeti ni ya 25 cm3.
H = 1, C = 12, O = 16, Na = 23.

Kazi yako ni kutafuta x, yani kila Na2CO3 moja imeshikana na maji mangapi.

Kufanya

A inakaa kwenye bureti, B unaivuta kwa pipeti unaiweka kwenye konikali flaski, matone mawili matatu ya indiketa basi, usimimine kama chai. Shusha asidi huku unazungusha flaski mpaka rangi itoke njano iwe ya chungwa. Ikiwa pinki ushapita hiyo, rudia. Anza na ya kukadiria, halafu tatu za ukweli.

Jedwali unachora mwenyewe, sichapi. Liwe na usomaji wa mwisho, wa mwanzo na ujazo uliotumika, nguzo ya kukadiria na za 1, 2, 3, na yuniti ziandikwe. Namba zote desimali mbili, hata sifuri ni 0.00. Andika kwa peni papo hapo, ukikosea kata mstari mmoja, hakuna kufuta.

Hesabu (maksi 10)

a) Wastani wa ujazo wa A, ya kukadiria usiihesabu. (1)
b) Mlinganyo uliosawazishwa. (1)
c) Moli za HCl zilizotumika. (1)
d) Moli za Na2CO3 kwenye 25 cm3 ya B. (1)
e) Molariti ya B. (1)
f) Gramu za Na2CO3 yenyewe, bila maji, kwenye lita moja. (1)
g) Tafuta x. (2)
h) Mwenzako katumia finofthalini badala ya methili oranji, rangi ikapotea asidi ikiwa kama nusu tu ya ulivyopata wewe. Kwa nini? (2)

Kwa wasahihishaji, wanafunzi wasipewe

Ufundi ni maksi 8 na unasahihishwa mtu akiwa anafanya, sio kwa kukumbuka baadae, kwahiyo kila mwalimu abaki na wanafunzi sita tu. Moja moja kwa: bureti kusuuzwa na A na pipeti na B, flaski kusuuzwa na maji ya distili peke yake (akiisuuza na B ameongeza moli, hapati kitu), kapovu kutolewa kwenye ncha ya bureti, faneli kuondolewa kabla ya kusoma, pipeti kutopulizwa, tone la mwisho linabaki, jicho usawa wa chini ya mkunjo, kuzungusha flaski muda wote juu ya karatasi nyeupe, tone tone karibu na mwisho.

Jedwali maksi 7: mpangilio na yuniti 1, limejaa 1, desimali 1, ujazo tatu kutopishana zaidi ya 0.20 ni 2, ukaribu na wastani wa mwalimu 2 (ndani ya 0.20 anapata zote, ndani ya 0.40 moja).

Nilivyopata mimi:

| cm3 | Kukadiria | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| Mwisho | 25.60 | 26.00 | 25.60 | 26.90 |
| Mwanzo | 0.00 | 1.00 | 0.50 | 2.00 |
| Ujazo | 25.60 | 25.00 | 25.10 | 24.90 |

Wastani 25.00.

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

HCl moli 0.0025, Na2CO3 0.00125, B ni 0.05 M, gramu 5.3. Maji 14.3 − 5.3 = 9.0, gawa kwa 18 ni moli 0.5, na 0.5 ÷ 0.05 ni x = 10. Kwenye (h), finofthalini inapoteza rangi kabonati ikishageuka NaHCO3, nusu ya asidi bado haijatumika.

Angalizo, fuwele hizi zikikaa wazi zinapoteza maji zinakuwa unga mweupe, hapo gramu 14.3 ina kabonati nyingi zaidi na asidi inapanda. Ikifika 26.00 x inashuka mpaka kama 9.4, na mtoto hajakosea chochote. Kwahiyo asubuhi ileile fanya taitresheni na chupa ileile watakayotumia, usahihishe kwa namba yako na sio kwa 10. Anaeandika 10 wakati ujazo wake unasema kingine kakariri, (g) sifuri. Aliekosea ujazo ila hesabu zinafuata vizuri, mpe maksi zake zote za hesabu.