Mama wa Africana

Mwenge, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni. Daladala la Tegeta limesimama, konda ananing'inia mlangoni.

— Tegeta, Tegeta Nyuki! Mama, twende, siti ipo.

— Mwanangu, hili linapita Mbezi?

— Shikamoo mama. Mbezi ipi?

— Marahaba. Kwani ziko ngapi? Mimi nimeshuka kwenye basi la Njombe hapo Mbezi, stendi ya Magufuli, nimeletwa hadi hapa.

— Hiyo ni Mbezi ya Luis, Barabara ya Morogoro. Huku ni Mbezi Beach, ya Bagamoyo. Tena ni ndefu: kuna Tangi Bovu, Makonde, Jogoo, Africana. Unashuka wapi?

— Africana. Binti yangu kasema nikishuka nisivuke barabara, nichukue bajaji ya Salasala.

— Kasema kweli. Panda.

— Na hiki kiroba? Ni viazi tu.

— Weka mbele, kwa dereva. Nauli mia sita, kiroba nacho mia tano.

— Mia tano ya viazi! Kwani kimekaa kwenye siti?

— Haya, mia mbili, mama yangu.

— Shika elfu. Chenji yangu ni mia mbili, usije ukaisahau. Na mimi usinisahau. Sipajui kabisa, na giza likiingia sitaona kitu.

— Ukisikia Tangi Bovu, anza kujiandaa. Nitakuita.

Konda akisema atakuita, mwambie na jirani. Gari likijaa ana watu thelathini kichwani, na kila mmoja anadai chenji. Mama aliyajua hayo, japo katoka Njombe.

— Dada, na wewe unafika mbali?

— Mtongani, mama. Nakupita mbele kidogo.

— Basi konda akipitiwa, nishtue.

— Usijali.

Lugalo foleni. Tangi Bovu wakashuka wengi, wakapanda wengi zaidi. Mama akabanwa dirishani, hamwoni konda wala kiroba chake.

— Dada, hapa ni wapi?

— Jogoo hapa. Bado.

Konda yuko mlangoni anabishana na mwanafunzi juu ya mia mbili yake.

— Konda! Mama wa Africana huyu!

— Yupo, nimemkumbuka!

(Hakuwa amemkumbuka.) Akagonga bodi mara mbili.

— Africana kuna kushuka! Suka, simama kabisa, ni mama ana mzigo. Jamani pisheni njia. Kaka wa mbele, nipasie hicho kiroba.

— Na chenji yangu?

— Hii hapa, mama. Taratibu, tanguliza mguu wa kushoto. Bajaji zile pale, mwambie "Salasala" kabla hujakaa, na muulize bei.

— Asante mwanangu, Mungu akubariki. Dada, asante!

— Karibu Dar, mama. Twende suka! Mtongani, Tegeta, Tegeta Nyuki!