Tangazo kwa wakazi wote wa kijiji: upimaji wa mashamba na viwanja na utoaji wa hati za kimila

Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji
Wilaya ya Iringa
15 Juni 2026

Ndugu wananchi,

Mwezi uliopita watendaji wa vijiji tuliitwa makao makuu ya halmashauri, tukapewa wasilisho la kurasa 64 kuhusu mpango wa kupima ardhi ya vijiji. Limeandikwa kwa lugha ya wataalamu. Niliporudi niliwasomea wenyeviti wa vitongoji kurasa chache, wakasikiliza kimya hadi mmoja wao akauliza: "Mtendaji, shamba langu linachukuliwa au halichukuliwi?" Kwa kuwa najua swali hilo liko katika nyumba nyingi, nalijibu kabla ya mengine yote.

Halichukuliwi. Mpango huu haumpi mtu ardhi mpya wala haumnyang'anyi aliyonayo kihalali. Kinachofanyika ni kuandika kila kipande ni cha nani na kinaishia wapi, kwa namna ambayo mwenye shamba, jirani zake na Serikali ya Kijiji wote wamekubaliana. Baada ya hapo mwenye ardhi hupewa hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Wasilisho linaiita kazi hii "uhakiki shirikishi wa milki", na maana yake ni hiyo tu niliyoieleza.

Kabla ya kupima, utafanyika Mkutano Mkuu wa Kijiji siku ya Jumamosi, tarehe 27 Juni 2026, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule ya msingi. Mkutano huo utachagua Kamati ya Uhakiki ya watu tisa, na wanne kati yao watakuwa wanawake. Chagueni watu wanaoijua mipaka ya zamani na wasioogopa kusema ukweli mbele ya ndugu zao, kwa sababu neno la kamati hii litakuwa na uzito kuliko mashine yoyote itakayoletwa.

Upimaji utaanza Jumatano, tarehe 8 Julai 2026, siku inayofuata Sabasaba, ukianzia Kitongoji cha Shuleni na kumalizia Mlimani. Mwenyekiti wa kitongoji chako atakujulisha siku ya shamba lako angalau siku tatu kabla. Siku hiyo mwenye shamba atatembea mpakani pamoja na majirani wote wanaopakana naye, wajumbe wa kamati na mpimaji. Kwenye kila kona watasimama, majirani wataulizwa kama ndipo, na wakikubali mpimaji atachukua alama ya mahali hapo kwa kifaa cha mkononi kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Kifaa hicho hakijui mpaka wenu. Kinaandika pale mlipomwambia mpimaji asimame, hata kama mmesimama hatua kumi ndani ya shamba la mwenzenu. Kwa hiyo naomba sana usimtume mtoto wala kibarua kwa niaba yako. Ukiwa safarini, mpe mtu mzima unayemwamini barua yenye saini yako, na nakala yake iletwe ofisini kabla ya siku ya kupima.

Wiki hii na ijayo fyekeni mipaka, hasa ile ya minyaa na mawe ambayo imemezwa na majani tangu masika. Msing'oe jiwe wala kupanda mti mpya mpakani kabla ya kazi kwisha. Pale penye njia ya watu kuelekea kisimani au ya mifugo kwenda mtoni, njia itaandikwa kuwa njia, hata kama mwaka huu mtu ameilima. Mkishindwa kuelewana, kipande chenu kitawekwa kando na shauri litapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji ili liwasuluhishe. Kupima kwa wengine kutaendelea.

Jambo ninaloomba lisomwe polepole ni la majina. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo haina nguvu. Shamba ambalo mume na mke wamelipata na kulilima pamoja liandikwe kwa majina yao wote wawili. Mume mwenye wake zaidi ya mmoja aeleze mbele ya kamati kila mke analima wapi, na wake zake wawepo wakati anaeleza. Mjane anayelima shamba la marehemu mumewe aje mwenyewe, asiwakilishwe na shemeji. Mashamba ya familia ambayo mirathi yake haijagawanywa yasiandikwe kwa jina la kaka mkubwa peke yake. Yaandikwe kwa niaba ya warithi wote, na majina yao yatajwe. Nimekaa na mashauri ya aina hii ofisini kwa miaka mingi, na naona ni rahisi zaidi kuandika jina la dada sasa kuliko kulitafuta baadaye, wazee mashahidi wakiwa wamekwisha kufariki.

Siku ya kupima njoo na kitambulisho cha Taifa au kadi ya mpiga kura. Kama shamba ulinunua, leta karatasi ya mauziano. Kama ulirithi au ulipewa na kijiji, mashahidi watatosha. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba.

Yako maeneo ambayo hayatatolewa hati ya mtu binafsi: makaburi, msitu wa kijiji, malisho, vyanzo vya maji, na ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto, ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda dhidi ya shughuli za kudumu. Najua baadhi yenu mna bustani za mboga ndani ya mita hizo. Msinyamaze, lileteni jambo hilo katika mkutano wa tarehe 27 ili lijadiliwe waziwazi.

Upimaji ukikamilika, ramani na orodha ya majina vitabandikwa kwenye ubao wa ofisi hii kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Agosti, hadi Jumatano, tarehe 2 Septemba 2026. Njoo utazame jina lako, herufi zake, na majirani walioandikwa kando yako. Penye kosa, sema ndani ya muda huo, kwa sababu kurekebisha orodha ni kazi ndogo, lakini kurekebisha hati iliyokwisha kusajiliwa ni safari za wilayani.

Hati itamwezesha mwenye shamba kuthibitisha haki yake, na anaweza kuipeleka benki kama dhamana, ingawa uamuzi wa kukopesha ni wa benki. Kumiliki hati hakumruhusu mtu kuuza ardhi kwa siri: uhamisho wa ardhi ya kijiji bado unapitia Halmashauri ya Kijiji.

Kuhusu fedha, mpimaji, mjumbe wa kamati na mwenyekiti wa kitongoji hawaruhusiwi kupokea hata shilingi mia mkononi. Malipo yoyote ya Serikali yatatangazwa mkutanoni na kulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Ukiombwa "ya soda", nijulishe siku hiyohiyo.

Ofisi iko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi. Kwa wazee na wasioona, wenyeviti wa vitongoji watalisoma tangazo hili nyumba kwa nyumba kuanzia Jumatano hii, na watajibu maswali papo hapo.

Mtendaji wa Kijiji