Doti ya Mama Zuhura

Baba Zuhura alishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi saa nne asubuhi, mkono mmoja umebana simu mfukoni, wa pili umeshika kipande cha kanga. Chekundu, korosho nyeusi pindoni, na doa la damu lililoshinda sabuni na jiki.

Mwezi wa tatu alianguka na bodaboda yake karibu na nyumbani, Mbagala. Mkewe alitoka mbio, akachana kanga aliyojitanda, akamfunga goti. Jina la kanga hiyo: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Vijana wa kijiweni wanamtania nalo mpaka leo. Mama Zuhura mwenyewe hakulalamika, ila mabaki aliyafanya tambara la jikoni, na mumewe kila akiyaona roho inamsuta.

Mtaa wa Kongo Jumamosi haukanyagiki. "Pisha mzigo!" Mkokoteni ukampitia kwenye kisigino. Machinga mmoja akamtupia gauni begani: "Bosi, mpelekee shemeji, buku kumi tu!" Saizi ya shemeji hakuijua, miaka kumi na mmoja ya ndoa, aibu hiyo akaimeza. Akanusa marashi ya aina tatu, ya tatu yakanukia kama ya kwanza. Akakata kona kwenda Uhuru, kwenye kanga.

Duka la kwanza wanauza jumla tu. La pili, kijana hakunyanyua hata macho kwenye simu. La tatu alikuwamo bibi mmoja, kanga zimepangwa nyuma yake hadi darini. Alikipokea kile kipande, akakifikicha kwa vidole.

"Ya zamani hii, mwanangu. Rangi yake ninayo. Na jina ninalo. Ila haviko pamoja."

Akatandaza doti mbili. Nyekundu yenye korosho, sawasawa na ile, imeandikwa MDHANIAYE NDIYE SIYE.

"Ukimpelekea hii, leo utalala sebuleni."

Ya pili ilikuwa na jina la ile iliyochanwa, lakini bluu na manjano.

Baba Zuhura alisimama pale hadi wateja wawili wakahudumiwa wakaondoka. Kisha akakumbuka: kila alfajiri akiwasha pikipiki, mkewe humgonga begani na kusema, "Dereva ni Mungu, lakini breki ni zako."

"Nifungie ya bluu, bibi."

Elfu kumi na tano. Wakashushana hadi kumi na tatu.

Jioni Mama Zuhura aliinusa kwanza, bado ina harufu ya dukani. Akaikunjua hadi kwenye maandishi, akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akaingia chumbani bila neno, akarudi na mkasi.

"Haya, itenganishe. Hii uikate kwa mkasi, si kwa goti."

Akamshikia ncha ya pili.