Mama, kuhusu ile sindano ya usingizi ya kesho

Shikamoo mama. Ni mimi nesi wa chumba cha endoskopi, kile cha kipimo cha mpira wenye kamera unaopita kooni, tulionana ulipokuja kuchukua tarehe. Binti yako kaniambia hulali, unawaza hiyo sindano, eti utalala usiamke tena. Nikaona nikuandikie usome taratibu.

Kwanza hiyo sio nusu kaputi. Kwenye nusu kaputi mtu anazimwa kabisa, wewe hapana, utapewa midazolamu kidogo kidogo kwenye mshipa wa mkono, inatoa woga na kukusinzisha ila unapumua mwenyewe na nikikuita unasikia. Dakika mbili tatu tu macho yanakuwa mazito. Na mi naipendea kitu kimoja, inafuta kumbukumbu, wengi wanaamka wananiuliza "mnaanza saa ngapi" na sisi tushamaliza zamani. Ila sikudanganyi, unaweza ukahisi mpira unapita kooni, ukacheua, baadae ukakumbuka vipande vipande. Ndo maana tunapuliza kwanza dawa ya ganzi kooni, chungu kweli ile, vumilia tu.

Sasa hilo la kutoamka. Ni kweli dawa inaweza kupunguza pumzi, hasa ikizidi, kwa hiyo utabanwa kidoleni kile kidude cha kusoma oksijeni na mapigo, utawekewa oksijeni puani, na kuna mtu kazi yake ni kukuangalia wewe tu, hata kamera haimhusu. Ukisinzia kupita kiasi ipo dawa ya kuigeuza, inaitwa flumazenili, iko palepale. Lakini na wewe usinifiche: kama unakoroma mpaka pumzi inakatika usiku, au unameza vidonge vyovyote vya usingizi, niambie leo, maana dozi inabadilika.

Kipimo chenyewe ni kama dakika 5 mpaka 10. Utajikuta umelala ubavu, kinywa kikavu, kichwa chepesi, utauliza swali moja mara tatu na hakuna atakayekucheka. Kuhusu kuropoka siri za nyumbani, mama, watu wanaongea kidogo ndio, ila mara nyingi haieleweki hata wanasema nini 😄 Utapumzika kama saa moja hivi. Chai usiguse mpaka ganzi iishe kooni, utapaliwa. Majibu daktari atayasema binti yako akiwepo kwa sababu wewe utasahau.

Usije peke yako. Bodaboda wakati wa kurudi hapana kabisa, na kwa masaa 24 usiendeshe gari, usisaini kitu, hela za vikoba mwachie mwingine ahesabu, hata ukijiona uko fresh.

Miadi yako ni saa mbili na nusu asubuhi, chakula mwisho saa sita usiku, maji matupu mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Vidonge vya presha fuata alivyokwambia daktari. Kama una meno ya bandia njoo nayo tu, utayatoa pale mlangoni nikushikie.