Chupa ya Njugumawe: Shindano la Jumamosi, Gredi ya 3

(Husomwa kwa sauti kabla ya kuanza. Kila mtoto awe na kalamu ya wino na karatasi iliyokunjwa mara mbili ipate vyumba vinne.)

Watoto, hamjambo. Chupa iko mezani. Ni chupa ya jemu, imeoshwa ikatoka harufu, na ndani yake mna njugumawe zilizonunuliwa hapa Kisumu, sokoni Kibuye. Mama aliyeniuzia alizipima kwa gorogoro. Hakuhesabu hata moja, na nilipomwuliza ni njugu ngapi alicheka sana. Kwa hiyo hakuna anayejua jibu, hata mimi. Msinitazame usoni mkidhani nitakonyeza.

Mwezi uliopita tulikuwa na vifuniko vya soda. Wengi mnakumbuka vilikuwa 218. Mnakumbuka pia aliyeandika 1,000, na jinsi mlivyomcheka. Sasa sikilizeni karatasi yake ilivyokwenda: 1,000, halafu 400, halafu 250, mwisho 230. Mara ya kwanza alikosea kwa vifuniko 782. Mara ya mwisho alikosea kwa 12 tu. Mwenzake mwingine alianza na 210, karibu kabisa, lakini nilipomwuliza ameipataje akasema ni namba ya nyumba yao. Akaishia 190. Zawadi ilimwendea yule wa 1,000, na leo ndivyo itakavyokuwa: anashinda aliyepunguza kosa lake kuliko wote. Zawadi ni penseli mbili, na ruhusa ya kuchagua kitakachojazwa chupani mwezi ujao.

Chumba cha kwanza: macho tu.

Mtapita mezani mmoja mmoja. Hakuna kushika, hakuna kutikisa. Nikihesabu polepole hadi kumi, unaondoka. Kwenye karatasi andika namba tatu: moja unayoona hakika ni ndogo mno, moja unayoona hakika ni kubwa mno, na katikati yake lile kadirio lako. Ukiandika kwamba 20 ni ndogo mno na 5,000 ni kubwa mno, si vibaya, umesema kweli. Ila umeacha uwanja mpana kama wa mpira. Tutaubana. Na usifute kitu. Ndiyo maana leo tunatumia wino. Namba iliyokosewa ndiyo itakayotuonyesha umetembea umbali gani.

Chumba cha pili: kumi inaonekanaje?

Nitamwaga njugu kumi kwenye sahani. Ziangalieni vizuri. Halafu kumi nyingine kando yake, na kumi nyingine. Sasa rudisha macho kwenye chupa. Usijiulize tena "ni ngapi?", jiulize "mafungu ya namna hii ni mangapi?" Mwezi uliopita hapa ndipo 1,000 ilipoanguka hadi 400, kwa sababu mwenyewe aliona kumi ya vifuniko inashika nafasi kubwa kuliko alivyodhani. Leo huenda ikawa kinyume: njugu ni ndogo, na kumi nzima inaweza kujificha kwenye kiganja. Andika kadirio jipya. Njugu zote za sahani zinarudi chupani.

Chumba cha tatu: chini na ubavuni.

Hapa msiende mbio. Nitainua chupa juu ya vichwa vyenu mwone kitako chake. Hesabuni njugu zinazogusa kioo cha chini. Kisha nitaiweka mezani, nanyi mhesabu kwa kidole tabaka zinavyopanda ubavuni, kutoka chini hadi juu. Tuseme umeona 34 chini na tabaka 9. Kuzidisha 34 ni kazi, basi ichukue kama 30: thelathini, sitini, tisini, mia na ishirini, endelea hivyo hadi vidole tisa viishe. Utafika 270. Lakini kumbuka uliacha njugu nne katika kila tabaka, kwa hiyo 270 lazima iwe ndogo. Ipandishe kidogo. Mtu anayejua kadirio lake limeegemea upande gani ameshapiga hatua kubwa.

Kuna ujanja mwingine humu. Njugu hazikai kama vitabu kwenye rafu. Za juu huzama katika mianya ya zile za chini, ndiyo maana tabaka huonekana zimepinda. Wawili wakihesabu watapata 9 na 10, na hakuna wa kugombezwa.

Chumba cha nne: robo.

Nimechora mistari mitatu ya kalamu nyekundu kwenye kioo, ikagawa chupa sehemu nne zilizo sawa. Nitamwaga njugu mpaka zishuke kwenye mstari wa juu. Hiyo ni robo moja, nasi tutaihesabu sote kwa makumi. Ikiwa ni 80, basi themanini mara nne ni 320. Andika kadirio la mwisho, ukiangalia pia la chumba cha tatu. Yakikaribiana, tulia. Yakiachana sana, moja lina kasoro. Tafuta ni lipi kabla ya kuandika.

Sasa kuhesabu kwenyewe.

Makundi ni manne: Ngege, Mbuta, Omena na Fulu. Trei za mayai zipo. Kila shimo linakula njugu kumi, si tisa, si kumi na moja. Mstari una mashimo matano, kwa hiyo mstari mmoja ni 50, miwili ni 100, na trei nzima ni 300. Boda ikipiga honi dirishani ukasahau ulipofika, huanzi upya. Unarudia shimo lako moja tu. Mwezi uliopita Omena walihesabu moja moja, wakapotea mara tatu, wakaanza kulaumiana. Jirani akague mashimo ya jirani. Zitakazobaki bila kufika kumi ziwekwe kwenye kifuniko cha chupa, ndizo mamoja yetu.

Tukishapata jibu, kila mmoja atatafuta tofauti nne, moja kwa kila chumba. Kisha mtapanga mstari ukutani kwa kadirio la kwanza, kutoka dogo hadi kubwa. Mko 25, kwa hiyo aliye wa 13 ndiye wa katikati. Nataka tuone yuko mbali kiasi gani na jibu. Mwaka 1906 huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukadiria uzito wa nyama ya maksai mmoja. Bwana Francis Galton akazichukua karatasi zao, 787 zilizosomeka, akazipanga hivyohivyo. Ya katikati ilisema ratili 1,207. Maksai alitoa ratili 1,198. Tofauti ni ratili 9, kama kilo nne, na katika umati ule walikuwamo waliokosea vibaya. Sisi ni 25 tu, na hatujazoea njugu kama wale walivyozoea ng'ombe, basi sijui mstari wetu utasemaje.

Njugu hazitafunwi. Ni mbichi, ngumu kama mawe yenyewe, na ikipungua moja Mbuta na Fulu watabishana mpaka saa sita. Zikishahesabiwa zinaenda jikoni, zitalowekwa usiku kucha.

Haya. Ngege mbele, mikono nyuma. Moja... mbili...