Utaratibu wa Majalada na Muda wa Kutunza Kumbukumbu, Ofisi ya Morogoro

Kila karatasi inayoingia igongwe muhuri wa tarehe, ipewe namba ya folio na ifungwe kwenye jalada lake siku hiyohiyo. Majalada ya fedha ni F, ya watumishi W, ya wateja M.

Risiti za EFD zitolewe fotokopi mara moja. Maandishi yake hufifia kwa joto. Tumeshafungua bahasha tukakuta karatasi nyeupe tupu, na mkaguzi hapokei maelezo.

Nakala za kompyuta zipewe jina hivi:

```
2025-03-14_F_ankara_017.pdf
```

Kila Ijumaa zinakiliwa kwenye diski ya nje, ambayo inalala kwa mhasibu, si ofisini.

Muda wa kutunza: hesabu, ankara na risiti, miaka 5 baada ya mwaka wa kodi kuisha, kama Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inavyotaka. Mikataba ya ajira, miaka 5 baada ya mtumishi kuondoka. Barua za kawaida, miaka 2. Hati ya usajili na leseni ya kwanza hazitupwi kamwe.

Jalada lenye kesi au ukaguzi haliguswi, hata muda ukipita. Mengine huchanwa kila Januari mbele ya watu wawili, wakasaini daftari.