Barua kwa Afisa Biashara: masharti ya leseni ya kusaga na kufungasha viungo

Mwanahamisi Omari Mhina,
Kata ya Genge,
MUHEZA.

9 Februari 2026

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Muheza,
MUHEZA.

Kwa: Afisa Biashara

Ndugu,

YAH: KUOMBA MAELEZO YA MASHARTI YA LESENI KWA BIASHARA YA KUSAGA, KUFUNGASHA NA KUUZA VIUNGO KWA JUMLA, KATA YA GENGE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina duka la rejareja la vyakula hapa mjini Muheza, na leseni yake iliyotolewa na Halmashauri inaisha tarehe 14 Aprili 2026. Pamoja na duka hilo, nataka kuanza kusaga na kufungasha viungo katika fremu nyingine. Sijawasilisha maombi wala sijaombewa kontroli namba, kwani ningependa kwanza kuyajua masharti yote.

Maswali yangu yana namba. Anayejibu anaweza kuandika namba na jibu lake tu, na mengi yanatosheka kwa "ndiyo" au "hapana". Swali lisilowahusu, naomba mniandikie jina la ofisi inayohusika, nami nitaifuata mwenyewe.

BIASHARA ILIVYO

Nitanunua mdalasini, pilipili manga, iliki na karafuu kwa wakulima wa Amani, zikiwa zimekaushwa. Kwenye fremu tutachambua, tutasaga kwa mashine moja ndogo ya umeme wa singo fezi, tutapima na kufungasha pakiti za gramu 50, gramu 100 na gramu 500. Hatutakaanga, hatutachemsha wala kuchanganya na kitu kingine chochote. Tutakuwa watu watatu, mimi na wasaidizi wawili. Mashine ya kusagia, mashine ya kubana pakiti, mizani na meza vina thamani ya shilingi 4,800,000 kwa jumla.

Pakiti nyingine nitauza dukani kwangu. Nyingi zitakwenda kwa jumla kwenye maduka ya Muheza na Tanga mjini, na wapo wateja wawili wa Dar es Salaam ambao nitawatumia mzigo kwa basi. Sina duka wala stoo Dar es Salaam, na sina mpango wa kuuza nje ya nchi.

Fremu ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, na iko kama mita 300 kutoka dukani. Ilikuwa saluni hadi mwezi Novemba mwaka jana. Sakafu ni ya saruji, maji yapo ndani, choo kiko uani.

MASWALI

1. Ninavyoielewa Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972, leseni hutolewa kwa biashara iliyotajwa na kwa mahali palipotajwa. Kwa hiyo naamini leseni ya duka haiwezi kuibeba fremu. Je, ni sahihi? Na kama ni sahihi, fremu itahitaji leseni moja inayojumlisha kusaga na kuuza jumla, au leseni mbili, ya kusaga mbali na ya jumla mbali?

2. Leseni hiyo ni ya kundi B, inayotolewa na Halmashauri, au kule kuuza kwa wateja walio nje ya mkoa wa Tanga kunaipeleka kundi A, kwa BRELA?

3. Kwenye mfumo wa TAUSI natakiwa kuchagua aina ya biashara. Naomba mniandikie aina ninayopaswa kuchagua kama inavyosomeka kwenye mfumo, neno kwa neno. Nauliza hivi kwa sababu wenzangu wa hapa mjini wanaofanya kazi inayofanana na hii wamenitajia majina tofauti: mmoja kaandikishwa mashine ya kusaga, mwingine muuzaji wa jumla wa vyakula, wa tatu msindikaji. Sitaki nilipie ada ya aina moja kisha mkaguzi aje akute nafanya nyingine.

4. Ada ya leseni kwa aina hiyo ni shilingi ngapi kwa mwaka? Kuna malipo mengine ya Halmashauri yanayodaiwa kabla ya leseni kutoka, kama ada ya taka au ada ya ukaguzi? Na ule mwaka unaanza kuhesabiwa siku ya malipo au siku ya kuidhinishwa?

5. Kuhusu mkataba wa pango, naomba mlitazame swali hili kwa makini kidogo. Mwenye fremu alifariki mwaka 2023 na hati ya kiwanja bado ina jina lake. Mkataba wangu, wa miaka miwili kuanzia 1 Januari 2026, umesainiwa na binti yake, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi. Pango ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Nimelipa miezi sita, yaani 720,000. Kati ya hizo nilizuia asilimia 10, shilingi 72,000, nikazipeleka TRA kama kodi ya zuio, na yeye akapokea 648,000. Ushuru wa stempu pia umelipwa.

Je, mkataba huu pamoja na nakala ya hati ya usimamizi wa mirathi vinatosha kuthibitisha mahali pa biashara? Kama havitoshi, kinachokosekana ni nini hasa: saini za warithi wengine, barua ya Mtendaji wa Kata, au hati kubadilishwa jina kwanza? Hilo la mwisho ninaliulizia mapema kwa sababu ndugu wa marehemu wako watano, wawili wanaishi Mombasa, na kubadili jina kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko mkataba wenyewe.

6. Kama mpangaji wa saluni hakuwahi kuifunga leseni yake, je, hilo linaweza kuzuia leseni yangu kwa anwani hiyo hiyo?

7. Klirensi ya TRA niliyonayo niliichukua kwa ajili ya kuhuisha leseni ya duka. Inafaa kutumika kwa maombi ya fremu, au nichukue nyingine inayotaja biashara mpya? Taarifa za TIN nimeshaomba ziongezwe shughuli ya kusaga viungo na mahali pa pili.

8. Jina la biashara, Mhina Viungo, limesajiliwa BRELA na cheti ninacho. Je, kwa kiwango changu cha mtaji Halmashauri itadai pia cheti cha kiwanda kidogo cha BRELA kabla ya kunipa leseni?

9. Hapa ndipo penye utata mkubwa. Najua masuala ya usalama wa chakula yalitoka TFDA kwenda TBS mwaka 2019, na najua kwamba wajasiriamali wadogo huenda TBS na barua ya utambulisho ya SIDO. Nisichokijua ni kipi kinatangulia. Wapo walioniambia kwamba leseni haitoki bila usajili wa jengo wa TBS, na wapo walioniambia kwamba TBS hawapokei maombi bila leseni. Yote mawili yakiwa kweli, hakuna ambaye angeanza biashara hii, na wapo walioianza. Hivyo lazima kuna utaratibu.

Sihitaji mnieleze taratibu za ofisi nyingine. Naomba tu, kwa kila moja ya hizi, neno "kabla" (lazima niwe nacho ndipo mnitolee leseni), "baada" (nitakifuata nikishapata leseni) au "hakihusiki":

(a) usajili wa jengo la chakula TBS;
(b) ripoti ya Afisa Afya wa Halmashauri;
(c) vyeti vya kupima afya vya sisi watatu;
(d) cheti cha Zimamoto;
(e) usajili wa mahali pa kazi OSHA;
(f) mizani kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo;
(g) kibali cha Afisa Mipango Miji, kwa kuwa pembeni ya fremu zipo nyumba za watu na mashine ina sauti.

10. Kama jibu la 9(b) ni "kabla", je, Afisa Afya anaweza kuja kuangalia fremu wakati ukarabati unaendelea? Fundi amekwishapaka rangi ya mafuta ukutani hadi mita 1.5 na ameweka wavu wa mbu kwenye madirisha. Dari bado. Juu ni bati tupu, na vumbi la kusaga litapanda huko na kurudi chini. Fundi anataka kupiga jipsamu, mimi naona bodi za plastiki zinafutika kwa urahisi zaidi. Mkaguzi akisema inayokubalika sasa, nitanunua mara moja. Zaidi ya hapo, naomba kujua kama sinki la kunawia mikono lazima litengwe na la kuoshea vyombo.

11. TBS watahitaji sampuli, na sampuli haipatikani bila kuwasha mashine. Je, naruhusiwa kusaga kiasi kidogo kwa ajili ya sampuli tu, bila kuuza, kabla leseni haijatoka?

12. Kuhusu leseni ya duka inayoisha Aprili: naihuisha kama kawaida, sivyo? Pakiti zangu mwenyewe nikiziuza pale rejareja hazihitaji kuongezwa kwenye leseni hiyo?

NJIA YA KUJIBU

Naomba jibu kwa barua pepe hii hii niliyotumia, hata kama ni fupi, kwa sababu nitalionyesha kwa msimamizi wa mirathi, kwa fundi na kwa ofisi ya SIDO Tanga. La mdomo hawatalikubali. Kama Halmashauri ina orodha iliyoandaliwa ya masharti ya biashara za vyakula, mkiiambatisha itatosha kwa maswali ya 4 na 9, na yatabaki machache. Na endapo yapo maswali yanayohitaji kwanza kumuuliza Afisa Afya au Mipango Miji, nashauri barua hii ipelekwe kwao kama ilivyo, maelezo ya fremu yamo. Mkaguzi akitaka kuja, niko dukani siku zote isipokuwa Alhamisi, ambayo huwa Amani kwa wakulima.

Pango la fremu limeshaanza kuhesabika, kwa hiyo nitashukuru nikipata jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanahamisi Omari Mhina
Mmiliki, Mhina Viungo

Viambatisho (vyote katika faili moja la PDF, kwa mpangilio huu):
Leseni ya duka inayoisha 14 Aprili 2026
Cheti cha TIN na klirensi ya TRA
Cheti cha jina la biashara cha BRELA
Kitambulisho cha Taifa
Mkataba wa pango, ukurasa wa kwanza na wa saini
Hati ya usimamizi wa mirathi
Risiti za kodi ya zuio na ushuru wa stempu
Mchoro wa fremu uliochorwa kwa mkono, ukionyesha mlango, madirisha, sinki na mahali itakapokaa mashine